Ukurasa Mmoja kwa Harusi Isiyokuwepo

Kikundi chetu cha maigizo hakikuwahi kumaliza mchezo hata mmoja. Nasema hivyo bila aibu, maana ndiyo ilikuwa kazi yetu. Kwa miaka mingi tulizunguka Uvira na vijiji vya bonde la Ruzizi tukicheza ile michezo inayopendwa na mashirika ya misaada. Mke anapigwa, au shamba linagombaniwa, au maji ya kunywa hayachemshwi. Mambo yakifika pabaya kabisa, wote tunaganda tulipo, na kiongozi wetu anawageukia watazamaji: "Ninyi mungefanya nini?" Hapo watu wa kijiji, tuseme Nyakabere, wanasimama kutoa mawazo. Mama mmoja anamshauri mke arudi kwao, mzee mwingine anataka mume achapwe hapohapo, makofi yanapigwa, na sisi tunapanda gari la shirika kurudi mjini. Mwisho ulikuwa mali ya watu. Sisi tulileta matatizo tu.

Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa kikundi. Kilikuwa cheo kikubwa kwa kazi ndogo, lakini nilikivaa vizuri.

Kiongozi wetu tulimwita prezida. Alikuwa mwalimu wa sekondari, jirani yetu hapo mtaani Rugenge, mwenye sauti na tumbo la kuongoza mikutano. Mpe watu watatu na kiti kimoja, atakalia kiti na kuuliza ajenda ni ipi. Na nyota wetu alikuwa yaya, yaani dada yangu mkubwa, ndivyo tunavyomwita kwetu. Kwa wiki moja yaya aliweza kupigwa, kufiwa, kunyang'anywa urithi na kuugua kipindupindu, na kila mara alilia machozi ya kweli. Nje ya michezo ndiye mtu mchekeshaji kuliko wote ninaowajua. Akiiga namna prezida anavyokunja kitambaa chake kabla ya kufungua kikao, utashika mbavu. Lakini hakuna shirika lililowahi kumwomba achekeshe mtu.

Basi likaja tangazo. Lilitufikia kwa simu, likiwa limepita kwenye makundi mengi ya WhatsApp hata halijulikani limetoka kwa nani. Jukwaa moja la video za mtandaoni, lenye ofisi Kinshasa, lilikuwa linatafuta mifululizo mifupi kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ya kutazamwa kwenye simu. Hawakutaka mazungumzo yote yaliyoandikwa. Hayo wangeyaagiza baadaye, wazo likipita. Walitaka ukurasa mmoja tu: jina la mfululizo, ni wa aina gani, vipindi vingapi na vya dakika ngapi, wazo zima kwa sentensi moja, wahusika, kisha hadithi yenyewe. Pamoja na ukurasa huo walitaka mpango mfupi wa pitch, yaani vile mtakavyolieleza wazo lenu kwa mdomo kama mkiitwa kwenye simu ya video.

Yaya ndiye aliyesema tuandike nini. Hakufikiri hata kidogo.

"Tuandike komite," alisema.

Hapo inabidi nieleze. Miaka mingi nyuma, nilipokuwa nasoma Bukavu, yaya alichumbiwa. Posa ilipokelewa, na kama ilivyo kwetu ikaundwa komite ya harusi: prezida, makamu, katibu, watu wa vinywaji, watu wa mapambo, watu wa itifaki. Prezida wa komite, bila shaka, alikuwa prezida wetu huyuhuyu. Kisha harusi ikavunjika. Bwana harusi alionekana akivuka mpaka pale Kavimvira na valizi yake ya nguo, akaenda Bujumbura, asirudi. Hilo mji wote unalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba komite iliendelea kukutana. Kila Jumapili baada ya ibada walikaa kwenye viti vya plastiki, wakasoma ripoti ya kikao kilichopita, wakajadili rangi ya vitambaa vya meza. Mashangazi zetu wa Lemera walikuwa wameshateremsha magunia ya maharage kwa ajili ya sherehe, na maharage hayo yaliliwa kikao baada ya kikao. Kuna Jumapili walifika hadi kupendekeza bwana harusi wa akiba, mgane mmoja wa Nyakabere mwenye shamba zuri la mpunga. Mwenyewe hakuwa na habari. Nasikia mpaka leo hana.

"Watu watacheka," nikasema.

"Bacheke," yaya akajibu. "Minye nimelia ya kutosha kwa ajili ya mashirika. Lakini bacheke pamoja nami, isiwe kunicheka minye."

Nilimwelewa. Tangu siku zile yaya alikuwa "yule aliyeachwa." Wauza ndagala wa sokoni humpunguzia sauti akifika, kisha humwongezea kiganja kimoja cha samaki, cha huruma. Yaya anakichukia kiganja kile kuliko kitu chochote. Aliutaka mfululizo huu ili aichukue hadithi yake mikononi mwa watu, aicheze mwenyewe, na mji uione. Hakuificha hamu hiyo, na mimi nilimwombea sana aipate.

Tulikutana sebuleni kwa prezida kuandika. Yeye akatoa imla, mimi nikaandika, maana nyumba ilikuwa yake na kompyuta ilikuwa yake. Ukurasa wetu wa kwanza ulianza na "Muktadha na Sababu." Ulieleza kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni nchi kubwa katikati ya Afrika. Ulieleza kwamba Uvira iko kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, kana kwamba wangeitafuta kwingine. Likafuata "Lengo Kuu," yakafuata malengo madogo yenye herufi a, b, ch, kisha "Matokeo Yanayotarajiwa," ambayo yalikuwa kupunguza migogoro ya ndoa katika mitaa yetu. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ili ukurasa utoshe, tukaweka watakaofaidika, wa moja kwa moja na wasio wa moja kwa moja.

Nisimcheke prezida peke yake. Mtu wa Uvira akiambiwa aandike wazo kwa ajili ya watu wa mbali, mkono wenyewe unaandika mradi. Mtoto wa sekondari ukimwomba barua ya mapenzi atakuandikia lengo kuu. Nilipomaliza nilijiona nimefanya kazi safi kabisa, yenye vichwa vya habari vilivyopigwa mstari.

Yaya akausoma ukurasa. Akaurudia.

"Na minye niko wapi humu?" akauliza.

Prezida akamwonyesha kwa kidole. "Weye uko pale chini, mu bénéficiaires indirects."

Yaya aliichukua ile karatasi iliyotoka kwenye printa, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Meza ikatulia. Prezida mwenyewe alikiri baadaye kwamba mguu ule ulikuwa unamsumbua siku nyingi.

Nikaenda na kazi nyumbani kwangu. Nililisoma tangazo upya, polepole safari hii, nikaona kwamba hawakuuliza Kongo iko wapi. Walitaka kujua wataona nini kwenye simu. Nikaandika kwa wakati uliopo, kama mtu anayetazama na kusimulia palepale: komite inakaa, katibu anasoma, soda zinafunguliwa. Jina, *Komite*. Aina, ucheshi. Vipindi vinane vya dakika saba, karibu vyote kwenye uwanja mmoja wenye viti vya plastiki, maana mfululizo wa mahali pamoja ni rahisi kuupiga picha na wao wanalijua hilo. Sentensi ya wazo ilinichukua muda kuliko ukurasa wote uliobaki. Niliandika moja ndefu, nikaikata, nikaikata tena, mpaka ikabaki hii: *Harusi imekufa, lakini komite ya harusi haitaki kuzikwa nayo.* Nilijisomea kwa sauti, nikaipenda. Wahusika niliwapa mistari miwili miwili: prezida anayependa kiti chake, katibu anayeandika hata chafya, mtu wa vinywaji anayeonja kazi yake. Hadithi nikaishusha kipindi kwa kipindi, maharage, mgane na yote, mpaka siku ya karamu ambayo komite inaiandaa hata bila bwana harusi. Nikamalizia kwa mstari ambao niliona ndio taji la ukurasa: *Je, bibi harusi atafanya nini?*

Prezida alisema imekaa vizuri, ingawa imekosa muktadha. Yaya aliisoma, akakaa kimya kidogo, akasema, "Tuma." Nilidhani ukimya ule ulikuwa wa kuguswa na uandishi wangu.

Jibu lilikuja, na tuliitwa kwenye pitch. Tuliruka pale uwanjani kwa yaya kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Kisha nikasoma maneno yaliyobaki, maana mwito ulikuwa na mkia. Aliyeuandika ni mama mmoja wa jukwaa, ambaye kazi yake ni kuchagua mawazo na kuyafuatilia. Alisema wazo limewachekesha ofisini. Lakini akauliza mwisho uko wapi. Ukurasa huu, aliandika, si tangazo la kumvuta mtazamaji. Sisi ndio tutakaoamua kuuagiza mfululizo, kwa hiyo msitufiche, tuambieni unaishaje. Tena akauliza, bibi harusi anataka nini? Komite tumeielewa inataka kuendelea kukaa. Yeye yumo kwenye kila kipindi kama picha ukutani. Kila kipindi lazima mtu atake kitu, na kitu kimzuie. Rekebisheni, mtutumie ukurasa mpya kabla ya siku ya mazungumzo.

Nilijisikia vibaya, nisidanganye. Lile taji langu la mwisho lilikuwa ile kazi yetu ya zamani: kufika pabaya, kuganda, na kuwageukia watu. Mimi nilidhani nimeandika mwisho wenye fumbo. Kumbe nilikuwa nimeinua mkono mbele ya watu wa Kinshasa na kuwauliza wao wangefanya nini.

Tulikaa uwanjani kwa yaya kutafuta mwisho. Yaya alikuwa na ungo wa mchele mapajani, anachagua mawe. Mimi nilisema bwana harusi arudi siku ya karamu, amevaa suti, anaomba msamaha. Prezida alisema hapana, bibi harusi aolewe na mgane wa Nyakabere, hapo tunapata na funzo la kilimo. Tulipokwama, prezida akafanya kile anachokijua. Alisimama mlangoni pa uwanja, akawaita wamama wawili waliokuwa wanapita na ndoo za maji.

"Mama zetu, tusaidieni. Bibi harusi ameachwa. Ninyi mungefanya nini?"

Wa kwanza akasema amsubiri, maana mvumilivu hula mbivu. Wa pili, aliyekuwa akijua vizuri tunamzungumzia nani, alimtazama yaya kwa upole mwingi, akasema Mungu atamletea mwingine. Wakajitwisha ndoo, wakaenda. Kila mwisho uliotolewa ulikuwa na mwanamume ndani yake.

Yaya akaweka ungo chini.

"Mwisho iko," akasema. "Ni vile hamujaniuliza minye."

Tukamtazama.

"Ule bwana hakuniacha. Ni minye nilimukatala."

Nilisikia vizuri, lakini nikamwomba arudie, akarudia. Alisimulia bila haraka. Bwana yule alimwambia kwamba baada ya harusi hataigiza tena. Mke wake hawezi kulia mbele za watu kila siku ya soko. Yaya alimjibu kwamba basi hakuna harusi. Bwana akachukua valizi kwa aibu, watu wakamwona mpakani, wakajiandikia mwisho wao wenyewe. Marehemu mama yetu alijua. Alimwambia yaya anyamaze, kwa kuwa msichana aliyeachwa huhurumiwa, na msichana aliyekataa mwanamume mwenye kazi huitwa kiburi mpaka azeeke. Yaya hakunyamaza. Jumapili moja alikwenda mwenyewe kwenye kikao cha komite kuwaambia. Lakini kwa desturi ya komite ile, bibi harusi haingii kikaoni, kwani wanapanga mambo ya kumshangaza. Akasimamishwa mlangoni, akamwambia prezida neno lake palepale, prezida akaahidi kulifikisha.

Niligeuka kumtazama prezida. Alikuwa anakunja kitambaa chake.

"Alikuya, kweli," akasema. "Tuliitia mu divers."

Divers ni yale mambo mengineyo yanayowekwa mwisho kabisa wa ajenda.

"Na kisha?" nikauliza.

"Saa ikatuishia."

"Kila Jumapili?"

"Ajenda ilikuwa ndefu, ndugu yangu. Kulikuwa mambo ya mapambo."

Hasira ilinipanda. Ilinipanda kweli, nilitaka kumwambia maneno ambayo hayasemwi kwa mtu aliyekufundisha hesabu. Miaka yote ile yaya alibeba kiganja cha huruma sokoni kwa sababu ya vitambaa vya meza! Halafu yaya mwenyewe akaanza kucheka. Alicheka akijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akiiga sauti ya prezida, "Kulikuwa mambo ya mapambo," na mimi nikashindwa kujizuia, nikacheka nikiwa bado nimekasirika. Prezida peke yake hakucheka. Nilidhani ni kwa sababu ya cheo.

Na katikati ya kicheko, mimi mwandishi nikauona ukurasa mpya. Yaya alinitazama usoni.

"Muone," akamwambia prezida. "Macho imeisha kuwaka. Weye, andika basi. Si nimekuambia mwisho iko?"

Niliandika ukurasa mpya kwa urahisi ambao sijawahi kuupata tena. Hadithi ilikuwa ileile na viti vilevile, ila sasa mtazamaji anajua tangu dakika ya kwanza: bibi harusi amemkataa bwana, na anachotaka ni kitu kimoja tu, komite imsikie. Kila kipindi anajaribu njia nyingine. Anatuma barua ndani ya kreti ya soda. Anamtuma mjomba, mjomba anapewa cheo cha mshauri na kusahau alichotumwa. Anaingia kama mpishi wa maharage. Anajiunga na watu wa itifaki akiwa amejifunga kitambaa kichwani. Na kila mara neno lake linawekwa kwenye mambo mengineyo, na kikao kinafungwa kwa sala. Sasa kila kipindi mtu anataka kitu na kitu kinamzuia, kama mama wa jukwaa alivyodai. Picha ukutani ilikuwa imeteremka na kutembea.

Mwisho ulikuwa wa yaya, neno kwa neno. Siku ya karamu bibi harusi anakalia kiti cha prezida, anasema, "Nilimkataa," wote wanasikia. Katibu anauliza kama iandikwe. Bibi harusi anasimama na kwenda zake kwenye mazoezi ya maigizo, kabla hawajapata nafasi ya kupiga kura.

Mpango wa pitch ulikuwa nusu ukurasa. Prezida atambulishe kikundi kwa sentensi moja. Mimi nitoe ile sentensi ya wazo, ambayo niliibadilisha ikawa ya bibi harusi: *Bibi harusi amekataa kuolewa, na komite ya harusi inakataa kumsikia.* Nieleze uwanja, viti, urefu wa vipindi. Yaya asimulie hadithi mpaka mwisho wake, na kwa nini ni sisi wa kuifanya. Kisha maswali. Tulifanya mazoezi tukitazama saa ya simu. Sentensi moja ya prezida ilikuwa na "vilevile" nne na ilikula muda wetu wote, ikabidi tuikate kama nilivyokata yangu. Alilalamika kwamba kikundi bila historia ni mtu bila shati.

Siku yenyewe tuliegemeza simu kwenye sufuria juu ya ile meza ya prezida, karibu na dirisha, ambako mtandao hupatikana. Mama wa jukwaa alitokea, mtu wa makamo mwenye miwani, mzaliwa wa Lubumbashi, akatusalimu kwa Kiswahili cha kwao na sisi tukamjibu kwa chetu. Prezida alisema sentensi yake, vilevile moja tu ikamponyoka. Mimi nilisema yangu. Kisha yaya akasimulia, na nilimwona yule mama akivua miwani kwa kucheka kwenye kreti ya soda. Kwenye mwisho hakucheka. Aliandika kitu.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini niko na shaka moja, na wenzangu wataniuliza. Komite nzima, watu wazima, wasimsikie bibi harusi vipindi vinane? Mtazamaji atakubali? Mnaonaje, si mmetia chumvi?"

Swali lilikuwa la haki. Wazo lenye shaka kama hiyo huanguka kwenye meza yao, hata liwe linachekesha vipi, na sisi hatukuwa tumejiandaa nalo. Yaya aliinamisha kichwa. Alikuwa amesimulia kama hadithi ya kutunga. Kumwambia mgeni kwamba ni yeye, na kwamba hata leo mji haujamsikia, hakukuwa rahisi.

Prezida akasogeza kiti mbele ya simu.

"Madame," akasema, "minye nilikuwa prezida wa ile komite. Iko ya kweli. Ni uyu hapa."

Nilingoja prezida aeleze ajenda na mapambo.

"Na nimewaambia aba saa ilituishia. Haikuisha. Saa ilikuwa nyingi. Alisema, na tulisikia wote." Sauti ile ya kuongoza mikutano ilikuwa imepungua, ikabaki ya mzee wa kawaida. "Kama tungekubali tumesikia, komite ingekwisha siku ileile. Basi hatukutaka. Ni ivyo tu."

Nje kuna mtu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Yaya alimtazama prezida kwa muda, bila hasira na bila msamaha, kama mtu anayesoma kitu alichokwisha kukijua ila hakuwahi kukiona kimeandikwa. Machozi yalimtoka, na mimi niliyeyajua machozi yake yote ya jukwaani niliona kwamba haya siyajui.

Mama wa jukwaa ndiye aliyezungumza kwanza. Alikuwa ameguswa, na alikuwa kazini vilevile.

"Huo ndio mwisho," akasema. "Hayo aliyosema baba. Myaweke kwenye kipindi cha nane: prezida anasimama, anakiri mbele ya wote. Itakuwa na nguvu sana. Mwandishi, unaweza kunibadilishia ukurasa?"

Kalamu yangu ilikuwa imeshagusa karatasi. Nakiri nilikuwa nimeshaiona picha yenyewe, prezida amesimama, kamera inamsogelea polepole. Na nilijua, kama tulivyojua sote mle ndani, kwamba anayeomba badiliko ndiye mwenye kuamua, na kwamba kumkatalia kungeweza kutufungia mlango.

Yaya akajifuta uso kwa kiganja.

"Hapana, mama," akasema. "Ayo ni yangu. Bibi harusi hangoje muntu akiri. Anasema, anaenda. Ile mingine sitaki iingie mu film."

Nilisikia kiti cha prezida kikilia.

Mama wa jukwaa alimtazama yaya kwenye kioo kile kidogo, akavaa miwani, akakata mstari mmoja kwenye karatasi yake.

"Sawa," akasema. "Nimesikia. Mwisho unabaki vile umesema. Sasa niambieni, viti vya plastiki mnavyo vingapi?"